Angalau, si zaidi ya, kati ya, inazidi: kistari kinawekwa lini?

"Mwalimu, nikipewa 2x − 3 > 11 natatua bila shida. Nikipewa maneno ndipo napotea: 'angalau', 'si zaidi ya', 'kati ya', 'inazidi'. Sijui lini naweka kistari chini ya alama na lini siweki. Juzi niliambiwa 'kima cha chini ni 12', nikaandika x ≤ 12, nikakosa. Kuna njia ya uhakika, au ni kukariri tu?"

Njia ipo, na haihitaji kukariri orodha ya maneno. Tuanze na hilo lililokuponza. Uliona neno "chini", mkono ukaenda kwenye alama ya "ndogo kuliko". Lakini sentensi haikusema kwamba x iko chini. Ilisema 12 ndiyo ya chini kuliko zote zinazokubalika. Kilicho chini ni mpaka, na x zote ziko juu yake au palepale ulipo. Kosa hili ni la kawaida sana, na linatokana na kutafsiri neno moja moja badala ya kuuliza sentensi inakubali namba zipi.

Basi fanya hivi. Ukiona namba ya mpaka kwenye sentensi, chukua namba tatu: iliyo chini kidogo ya mpaka, mpaka wenyewe, na iliyo juu kidogo. Iulizie kila moja: hii inakubalika? Kwa "kima cha chini ni 12" utajaribu 11, 12 na 13. Je, 11 inakubalika? Hapana, imeshuka kuliko kima. Na 12? Ndiyo, ndicho kima chenyewe. Na 13? Ndiyo. Umepata hapana, ndiyo, ndiyo. Namba ya mpaka na zile zilizo juu yake zimepita, kwa hiyo alama ni "kubwa kuliko au sawa na": x ≥ 12.

Jibu la kwanza na la tatu hukuonyesha mdomo wa alama unaelekea wapi. Jibu la katikati hukuambia kama kuna kistari. Mpaka ukikubalika, kistari kipo, ukikataliwa, hakuna. Kile kistari ni alama ya usawa, =, iliyobanwa chini ya mdomo. Ndiyo maana ≥ husomwa "kubwa kuliko au sawa na". (Alama < na > zilichapishwa mwaka 1631 katika kazi ya Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake. Zenye mistari ya usawa chini yake zilingoja zaidi ya karne moja, hadi Mfaransa Pierre Bouguer alipozitumia mwaka 1734.)

Majibu matatu ya ndiyo au hapana yanaweza kupangika kwa namna nane tu, na karibu kila namna ina alama yake. Ukifuata mpangilio wa chini, mpakani, juu:

ndiyo, hapana, hapana: x < 12
ndiyo, ndiyo, hapana: x ≤ 12
hapana, ndiyo, hapana: x = 12
hapana, ndiyo, ndiyo: x ≥ 12
hapana, hapana, ndiyo: x > 12
ndiyo, hapana, ndiyo: x ≠ 12

Zimebaki mbili: ndiyo tatu, na hapana tatu. Ndiyo tatu maana yake sentensi haikuweka sharti lolote, na hilo hutokea kweli, kama utakavyoona. Hapana tatu maana yake umeisoma sentensi vibaya, au masharti yake yanapingana.

Sasa tuyapitie maneno, maana Kiswahili kina mitego yake.

Neno "angalau" lina maisha mawili. Katika mazungumzo hutumika kufariji: "leo angalau ana nafuu". Hapo sikio huzoea kulihusisha na kitu kidogo cha kuridhikia, na mwanafunzi akilikuta kwenye hesabu anaandika alama ya udogo. Jaribu namba tatu kwa "angalau 12": 11 hapana, 12 ndiyo, 13 ndiyo. Ni ≥. Ndugu zake ni "walau", "kwa uchache", "si chini ya", "si pungufu ya" na "kuanzia 12". Usilichanganye na "aghalabu", ambalo maana yake ni mara nyingi na halina alama yoyote ya kulinganisha.

Mpangilio wa maneno nao unabadilisha kistari. "Zaidi ya 12" ni x > 12, kwa sababu 12 si zaidi ya 12. Lakini "12 au zaidi", au "12 na zaidi", ni x ≥ 12, maana 12 imetajwa kwanza kama inayokubalika, kisha zikaongezwa zilizo juu yake. Vivyo hivyo "chini ya 12" ni x < 12, na "12 au chini yake" ni x ≤ 12. Ukisoma haraka huoni tofauti, kwa kuwa maneno ni yaleyale na namba ni ileile.

Kundi lenye makosa mengi zaidi ni la kukanusha. Kiswahili huficha ukanushi ndani ya kitenzi, na mara nyingine ni silabi moja tu: si. Linganisha "inayozidi 12" na "isiyozidi 12", "uzidi 12" na "usizidi 12". Silabi hiyo ikiruka machoni, alama yote inapinduka. Unaposoma swali la namna hii, pigia mstari kila "si", "ha" na "sio" zilizo ndani ya vitenzi kabla hujaandika chochote.

Ukishaiona, usikimbilie kugeuza mdomo peke yake. Wengi huandika "isiyozidi 12" kama x < 12, wakidhani kinyume cha > ni <. Sivyo. Namba isiyozidi 12 yaweza kuwa pungufu, na yaweza kuwa 12 yenyewe, kwa kuwa 12 haijizidi. Kipimo chetu kinatoa ndiyo, ndiyo, hapana: x ≤ 12. Ukanushi hugeuza mdomo na kubadilisha kistari kwa pamoja. Alama isiyo na kistari hukipata, yenye kistari hukipoteza. Kwa hiyo "inazidi" ni >, na "haizidi" ni ≤. "Ni pungufu ya" ni <, na "si pungufu ya" au "haipungui" ni ≥.

Vitenzi "kufika" na "kupita" vinaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. "Haijafika 12" inakubali 11 na kuikataa 12, maana 12 imeshafika: x < 12. "Haijapita 12" inaikubali 12, maana iliyopo 12 imefika lakini haijapita: x ≤ 12. Na "imefika 12", inapotumika kama sharti la chini la kutimizwa, ni x ≥ 12, kwa sababu iliyo 13 nayo ilikwisha kufika 12. Upande wa juu una pia "hadi 12" na "mpaka 12" wakati wa kutaja kiasi, pamoja na "kima cha juu ni 12". Zote huikubali 12: x ≤ 12.

Kuna ukanushi mmoja usio wa alama kabisa. "Si lazima izidi 12" haimaanishi "lazima isizidi 12". Ya kwanza inaondoa sharti: 11 sawa, 12 sawa, 13 sawa. Hii ndiyo ile ndiyo tatu. Usiandike alama yoyote. Ya pili ni x ≤ 12. Angalia "si" imesimama wapi: mbele ya "lazima", au ndani ya "izidi".

Mtego mwingine uko kwenye "zaidi ya" na "pungufu ya" yanapotanguliwa na kiasi. "x ni zaidi ya y" ni ulinganisho: x > y. "x ni 5 zaidi ya y" si ulinganisho wa namna hiyo tena; inataja tofauti kamili, na ni mlinganyo: x = y + 5. Namba iliyokaa kabla ya "zaidi" ni kiasi cha kuongeza. Na "7 pungufu ya x" ni x − 7, si 7 − x wala 7 < x. Sentensi moja yaweza kubeba vyote viwili: "5 zaidi ya x haizidi 20" ni x + 5 ≤ 20. Hapo "zaidi ya" imetoa jumlisho, na "haizidi" ndiyo iliyotoa alama. Tafuta kitenzi kikuu cha sentensi; alama huwa imekaa hapo.

Tuje kwenye "kati ya". Kwanza hakikisha ni "kati ya" ipi. "Majibu 3 kati ya 5" haitaji mpaka wowote. Inasema 3 katika jumla ya 5. Ukiambiwa "apate angalau majibu 3 kati ya 5", sharti lililoandikwa ni moja, x ≥ 3, na ile 5 inaleta mpaka wa juu kimyakimya, kwa kuwa hawezi kupata zaidi ya yaliyopo. Ukiyaunganisha unapata 3 ≤ x ≤ 5.

"Kati ya" ya pili ndiyo yenye mipaka miwili: "x iko kati ya 10 na 20". Hapa namba za kujaribu ni tano: 9, 10, 15, 20 na 21. Tatu hazina ubishi: 9 na 21 zinakataliwa, 15 inakubalika. Mgogoro uko kwenye 10 na 20, na ukweli ni kwamba neno lenyewe halitoshi kuumaliza. Katika hesabu, "kati ya" isiyo na nyongeza kwa kawaida husomwa bila ncha zake: 10 < x < 20. Mitaani, mtu akikwambia "chagua namba kati ya 1 na 10", ukichagua 10 hakuna atakayekukatalia.

Kwa hiyo tafuta nyongeza. "Pamoja na ncha zake", "zikiwemo 10 na 20" au "kuanzia 10 hadi 20" zinaleta kistari pande zote mbili: 10 ≤ x ≤ 20. "Bila kuzihesabu 10 na 20" inaviondoa. Usipoona nyongeza yoyote, chukua 10 < x < 20, na uandike kwa maneno machache kwamba umezisoma ncha kuwa hazimo. Mstari huo mmoja unamwonyesha msahihishaji kuwa uliuona utata na ukaamua, badala ya kubahatisha. Kama wewe ndiwe unayetunga swali au kanuni, usitumie "kati ya" peke yake. Uamuzi huo si mdogo pale unapohesabu vitu vizima: bila ncha, kati ya 10 na 20 kuna namba 9, kuanzia 11 hadi 19, pamoja na ncha ziko 11. Kwa kitu kinachopimwa na chenye desimali, kama urefu, tofauti hiyo haionekani sana, lakini alama inayoandikwa bado ni tofauti.

Si lazima ncha mbili zifanane. "Zaidi ya 10 lakini si zaidi ya 20" ni 10 < x ≤ 20. "Kuanzia 10 lakini isifike 20" ni 10 ≤ x < 20. Mtindo huu wa mwisho ndio unaofaa unapogawa takwimu katika makundi yanayofuatana. Ukiandika kundi la 0 hadi 10 na jingine la 10 hadi 20, mwenye 10 kamili ataingia kwenye makundi yote mawili na jumla yako itazidi. Ukiandika 0 ≤ x < 10, kisha 10 ≤ x < 20, ana mahali pamoja tu.

Kuhusu uandishi wenyewe, namba ndogo hukaa kushoto, kubwa kulia, na midomo yote miwili inaelekea upande mmoja. Kisha funika x kwa kidole na usome ncha peke yake. 10 < 20 ni kweli, basi umeandika sawa. Kipimo hiki cha kidole kinafaa hasa kwenye namba hasi. "Kati ya −3 na −8" humfanya mtu aandike −3 < x < −8 kwa kufuata mpangilio wa maneno. Funika x: −3 < −8 ni uongo, kwa hiyo hakuna namba hata moja inayotimiza ulichoandika. Iliyo ndogo ni −8, na sentensi sahihi ni −8 < x < −3. Kwa sababu hiyohiyo, "nje ya 10 na 20" haiandikiki kwa mnyororo mmoja. Ni vipande viwili vyenye neno "au" katikati: x < 10 au x > 20. Ukijaribu kuviunganisha utapata 20 < x < 10, na kidole kitakuumbua.

Tufanye swali zima sasa, lenye maneno ya namna zote.

Lifti ya mizigo inabeba uzito usiozidi kilo 600. Mwendeshaji mwenye kilo 75 hupanda pamoja na mzigo. Kila boksi lina kilo 35, na kila safari lazima apakie angalau maboksi 4. Idadi ya maboksi kwa safari moja inaweza kuwa ngapi?

Anza kwa kuipa herufi idadi, si kitu. Usiandike "n ni maboksi". Andika "n ni idadi ya maboksi". Ukisema n ni maboksi, ni rahisi baadaye kuichukua n kama uzito wa maboksi, na hesabu yote ikaenda kombo.

Halafu uliza: ni nini kimewekewa mpaka wa 600? Hapa sarufi ya Kiswahili inakusaidia bure. Sentensi imesema "usiozidi", kwa u, na hiyo u inarudi kwenye "uzito". Ingekuwa ni maboksi, ungesoma "yasiyozidi". Ingekuwa ni idadi, ungesoma "isiyozidi". Kwa hiyo kinachobanwa ni uzito wote ulio ndani ya lifti: kilo 75 za mwendeshaji na kilo 35 kwa kila boksi, yaani 75 + 35n. "Usiozidi" ni ≤, na sharti la kwanza ni

75 + 35n ≤ 600

Ondoa 75 kila upande, 35n ≤ 525. Gawanya kwa 35, n ≤ 15. Sharti la pili, angalau maboksi 4, ni n ≥ 4. La tatu halijaandikwa lakini lipo: n ni namba nzima, maana hapakiwi nusu boksi. Jibu ni 4 ≤ n ≤ 15, n ikiwa namba nzima, na hizo ni idadi 12 tofauti.

Rudisha mpaka kwenye maneno ya swali, si kwenye mstari wa hesabu ulioandika mwenyewe. Kwa 15: 35 × 15 ni 525, ukijumlisha 75 unapata 600. Je, 600 ni uzito usiozidi 600? Ndiyo. Kwa 16 unapata 635, imezidi. Kwa nini kwenye maneno? Kwa sababu kama ulikosea alama mwanzoni, kujaribu ndani ya alama hiyohiyo yenye kosa kutakupa jibu linalofurahisha na lisilo sahihi.

Angalia sasa neno moja linavyohamisha boksi. Swali lingesema "uzito lazima uwe chini ya kilo 600", tungeandika 75 + 35n < 600, na n < 15. Maboksi 15 yangekataliwa, kwa kuwa yanafika 600 kamili, na mwisho ungekuwa 14. Na kama "angalau maboksi 4" ingekuwa "zaidi ya maboksi 4", mwanzo ungekuwa 5. Kwa vitu vizima, n > 4 na n ≥ 5 ni kitu kimoja. Kwa vitu vyenye desimali sivyo: 4.2 inatimiza ya kwanza na kushindwa ya pili. Kwa hiyo usibadilishe > 4 kuwa ≥ 5 kabla ya kuthibitisha kwamba unachohesabu hakigawanyiki.

Mara nyingi mpaka hautokei kamili. Tuseme kila boksi lina kilo 36. Unapata 36n ≤ 525, yaani n ≤ 14.58 na kitu. Hapa kanuni ya kukadiria kwa namba iliyo karibu inadanganya, kwani ingekupa 15. Maboksi 15 ni kilo 540, na mwendeshaji juu yake ni 615, lifti imezidiwa. Mpaka wa juu hushushwa: 14. Mpaka wa chini hupandishwa. Ungeambiwa mzigo wa maboksi ya kilo 35 usipungue kilo 200, ungepata 35n ≥ 200, n ≥ 5.71 na kitu, na jibu ni 6, kwa kuwa 5 yanatoa kilo 175 tu.

Kosa jingine la swali hili halihusu alama. Ni kumsahau mwendeshaji na kuandika 35n ≤ 600. Hapo unapata maboksi 17, na uzito wa kweli ndani ya lifti ni kilo 670. Kurudisha jibu kwenye maneno ya swali kunalikamata kosa hili pia, mradi ujumlishe kila kilichotajwa kupanda.

Ukihitaji kuandika masharti haya kwenye kompyuta, kistari huwa alama ya = inayofuata mdomo: `<=` na `>=`. Usigeuze kuwa `=>`; katika lugha nyingi hilo ni kosa au lina maana nyingine kabisa. Jihadhari zaidi na mnyororo wa "kati ya". Katika Python unaandikwa kama daftarini:

```
10 < x <= 20
```

Katika JavaScript na C mstari huohuo haukatai chochote. Kompyuta inakokotoa kwanza `10 < x`, inapata kweli au uongo, inavichukua kama 1 au 0, kisha inauliza kama hiyo ni ndogo kuliko au sawa na 20. Siku zote ni ndogo, hata x ikiwa 500. Huoni ujumbe wa kosa. Unaona tu kwamba kila namba inapita. Tenganisha masharti mawili:

```
10 < x && x <= 20
```

Na kwenye Excel, kwa namba iliyo kwenye A2:

```
=AND(A2>10,A2<=20)
```

Ujaribu kila moja kwa zile namba tano: 9, 10, 15, 20 na 21. Kwa sharti hili, 15 na 20 ndizo pekee zinazotakiwa kupita.